Jinsi ya Kuandika Kumbukumbu za Likelemba

(Maneno yaliyosemwa na mhudumu wa jamii mbele ya makatibu wa vikundi vya akiba, Nakivale, Uganda)



Mimi ni mdogo kwenu, lakini nimeombwa niwaeleze namna ya kuandika kumbukumbu za mkutano ili pesa zilizoandikwa zilingane na pesa zilizomo sandukuni. Nitatumia mkutano wa kikundi kimoja. Majina nimeyaacha, nitataja namba tu.

Kikundi kina watu 12 na kinakutana kila baada ya majuma mawili. Kila mtu anatoa shilingi 10,000 za likelemba, ambazo mmoja anapokea zote siku ileile, na shilingi 5,000 za akiba, ambazo zinabaki sandukuni kwa ajili ya mikopo. Zamu zilipangwa kwa kura: namba 1 alipokea kwanza, namba 2 akafuata, hivyo hivyo mpaka 12. Huu ulikuwa mkutano wa tano.

Kabla ya mtu yeyote kutoa kitu, sanduku lilifunguliwa na pesa zikahesabiwa mbele ya wote. Zilikuwa 211,000, sawa na zilizoandikwa mwisho wa mkutano uliopita. Msianze kamwe bila kufanya hivyo. Kama kuna upungufu, ujulikane kabla pesa mpya hazijachanganyika.

Watu 11 walitoa akiba, jumla 55,000. Namba 4 alirudisha mkopo wake wa 30,000 pamoja na faida ya 3,000. Katibu aliandika mistari miwili: mkopo peke yake, faida peke yake. Faida ni ya kugawana mwisho wa mzunguko; ukiichanganya na mkopo, siku ya kugawana hamtajua kiasi chake.

Likelemba ilipata 110,000 tu, kwa maana namba 2 hakuja wala hakutuma mtu. Namba 5, mwenye zamu, alistahili 120,000. Wakatoa 10,000 sandukuni kumjazia. Wengi wetu hapo tunaandika tu kwamba namba 5 amepokea 120,000, na ile 10,000 inapotea katika kitabu. Katibu huyu aliandika: "Mkopo kwa namba 2, shilingi 10,000, kujazia zamu ya namba 5." Aliandika pia faini yake ya 1,000 kama deni, kwa kuwa haijalipwa.

Namba 9 aliomba mkopo wa 100,000 anunue samaki wakavu wa kuuza. Kanuni yao inasema mkopo usizidi akiba ya mtu mara tatu. Akiba yake ilikuwa 25,000, basi akapewa 75,000.

Mwisho wakahesabu tena. Kitabu kilisema 214,500. Sanduku lilikuwa na 214,000. Watu wakaanza kutazamana vibaya. Mweka hazina alihesabu mara ya pili, ikawa vilevile. Ndipo wakasoma kumbukumbu mstari kwa mstari. Namba 8 alikuwa amechelewa, akasema atalipa faini ya 500, na katibu akaiandika kama imelipwa. Aliuhamisha mstari huo kwenye madeni, na hesabu ikakaa sawa. Faini iliyotajwa bado si pesa. Iandikeni katika mapato pale tu inapoingia mkononi.

Sasa jambo la namba 2. Yeye alikwisha kupokea likelemba yake katika zamu ya pili, na huyo ndiye wa kufuatwa mapema. Deni lake ni 11,000, na akiba yake ni 20,000, kwa hiyo kikundi bado kina dhamana. Akikosa mara nyingine moja, deni litafika 22,000 na akiba haitatosha. Kumbukumbu zilitaja watu wawili wa kwenda nyumbani kwake kabla ya mkutano unaofuata, kwa upole, maana huenda ni mgonjwa.

La mwisho ni zamu ijayo. Ilikuwa ya namba 6, lakini namba 10 alihitaji karo ya mtoto, wakakubaliana kubadilishana. Haitoshi kuandika "zamu ijayo: namba 10". Andikeni pande zote mbili: namba 10 atapokea zamu ya sita, namba 6 atapokea zamu ya kumi. Kisha wote wawili watie sahihi au kidole gumba. Usipofanya hivyo, zamu ya kumi ikifika, namba 6 atadai na hakuna atakayekumbuka vizuri.

Kabla ya kufunga sanduku, someni kumbukumbu kwa sauti. Asiyejua kusoma naye asikie namba yake na pesa yake, aseme kama ni kweli.