Jiko la Udongo na Maelezo Matatu Yasiyo Sahihi

(Muziki wa kufungulia. Sauti inashuka polepole.)

Leo tunazungumza juu ya jiko la kuni na njia ambazo joto hupita ndani yake. Kuni ni shida ya kila nyumba hapa Nakivale. Ukielewa vibaya jinsi joto linavyosafiri, unaweza kujenga jiko zuri kwa macho ambalo linakula kuni kuliko mafiga matatu.

Wanafunzi wa sekondari hujifunza kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho, ambayo darasani mnaita kondaksheni: joto linapita ndani ya kitu kigumu, kama kijiko cha chuma kinachowaka mkononi wakati ncha yake iko kwenye uji. Ya pili ni msafara, yaani konveksheni: hewa au maji yenye joto yanasogea na kulibeba joto. Ya tatu ni mnururisho, yaani radiesheni: joto linaruka kutoka kitu cha moto hadi kitu kingine bila kubebwa na hewa, kama joto la jua linavyotufikia.

Majina haya ni rahisi kukariri. Shida inakuja tunapoyatumia jikoni. Leo tutachukua maelezo matatu yanayosikika mara kwa mara kuhusu jiko, na kila moja tutalipima kwa jambo unaloweza kulifanya mwenyewe.

Maelezo ya kwanza yanasema hivi: "Nikikaa kando ya moto, joto linanifikia kwa sababu hewa ya moto inakuja kwangu."

Angalia moshi. Unakwenda wapi? Unapanda juu. Hewa iliyopashwa moto inakuwa nyepesi, inapanda, na hewa baridi inaingia kutoka pembeni kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo hewa inayopita miguuni pako inaelekea motoni, haitoki motoni. Hata hivyo magoti yako yanaungua. Joto hilo linakuja kwa mnururisho, kutoka kwenye makaa mekundu na ndimi za moto.

Jaribu hivi. Shika kipande cha kartoni kati ya uso wako na moto, mbali kiasi kwamba hakiwezi kushika moto. Joto usoni linakoma papo hapo. Kiondoe, nalo linarudi papo hapo. Hewa isingeweza kusimama na kuanza tena upesi namna hiyo. Watoto wawe mbali unapojaribu.

Jambo hili linagusa kuni zako moja kwa moja. Kwenye mafiga matatu yaliyo wazi, mnururisho unatupwa pande zote. Sehemu inayokwenda juu inaipata sufuria, na inayokwenda pembeni inapasha miguu, ukuta na uwanja. Ndiyo maana chumba cha moto kinazungushiwa kuta. Kuta zinauziba mnururisho wa pembeni, na zenyewe zikishapata moto zinaurudisha ndani.

Maelezo ya pili yanasema: "Ndimi za moto zinagusa sufuria, kwa hiyo joto linaingia kwa mpitisho."

Hapa kuna ukweli kidogo uliochanganywa na kosa. Mpitisho upo, lakini uko ndani ya bati la sufuria. Aluminiamu inapitisha joto upesi sana, kwa hiyo hapo hakuna kizuizi. Kizuizi kiko nje, kati ya ndimi na bati. Kinachofika kwenye sufuria ni hewa ya moto inayopanda, na hewa hiyo inaleta joto kwa msafara. Tatizo ni kwamba hewa iliyoligusa bati inapoa, kisha inabaki imejishikiza hapo kama shuka jembamba. Hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Shuka hilo likitulia, hewa mpya ya moto inapita mbali na kwenda zake juu pamoja na joto lake.

Mwanafunzi anayeandika "mpitisho" anakosa alama moja. Fundi anayeamini hivyo anakosa zaidi, kwa sababu atatafuta sufuria nene au nyembamba na kuacha kushughulikia njia ya hewa. Fundi anayejua kwamba ni msafara anafanya kitu kingine: anaifanya hewa ya moto ipite ikikwaruza sufuria. Analizamisha sufuria ndani ya jiko na kuacha mwanya mwembamba kuizunguka, kama unene wa kidole kidogo, yaani sentimita 1 hadi sentimita 1 na nusu. Hewa ikipita kwenye mwanya huo inakimbia, inalichana lile shuka la hewa iliyopoa, na inaacha joto lake pembeni mwa sufuria pia, siyo chini peke yake.

Utajuaje kama mwanya ni sawa? Ukiwa mpana mno, moto unapita bure, na ukiweka mkono juu sana ya jiko unahisi hewa kali inayopotea. Ukiwa mwembamba mno, moto unakosa pumzi na moshi unatoka kwa mlango wa kuni. Moshi ukirudi mlangoni, panua mwanya kidogo kidogo.

(Muziki mfupi.)

Sasa maelezo ya tatu, ambayo ndiyo yanayogharimu zaidi: "Udongo unatunza joto, kwa hiyo ukuta ukiwa mnene, jiko linakuwa bora."

Kosa hili si la Nakivale peke yake. Miaka ya 1970, huko Guatemala, kulienea jiko kubwa la udongo na mchanga lililoitwa Lorena. Lilisifiwa kwamba linaokoa kuni nyingi. Watu walipolipima kwa uangalifu, waliona kwamba mara nyingi lilitumia kuni nyingi kuliko moto wa wazi. Lilikuwa na faida ya kuondoa moshi nyumbani, lakini kuni halikuokoa. Sababu ni kuchanganya mambo mawili: kuzuia joto na kumeza joto.

Blanketi linazuia joto, kwa sababu limejaa hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Udongo ulioshindiliwa hauna hewa hiyo. Joto linaingia ndani yake kwa mpitisho, linasafiri polepole, na kila kilo ya udongo inachukua sehemu yake. Ni kweli kwamba udongo unalitunza joto, lakini swali ni hili: analitunza kwa ajili ya nani? Joto lililo ndani ya ukuta haliko ndani ya maharage.

Tupige hesabu pamoja. Tuseme mama wa Rubondo anachemsha lita 5 za maji. Maji yanaanza na digrii 20. Kwa sababu Nakivale iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji hapa huchemka kwenye digrii 96 hivi, siyo 100. Kwa hiyo yanapanda digrii 76. Kila lita inahitaji kilojuli 4.2 kwa kila digrii moja. Zidisha 5 kwa 4.2 kwa 76: unapata karibu kilojuli 1,600.

Sasa ukuta. Tuseme udongo unaozunguka chumba cha moto una uzito wa kilo 40, na maji yanapochemka umepanda kwa wastani wa digrii 50. Kilo moja ya udongo mkavu inachukua kama kilojuli 0.9 kwa digrii moja. Zidisha 40 kwa 0.9 kwa 50: unapata kilojuli 1,800. Umeona? Ukuta umekula joto kuliko maji yenyewe. Mama amechemsha sufuria moja, lakini kuni zake zimepasha kama sufuria mbili.

Wengine hujibu: "Mimi nimegusa ukuta kwa nje, ni baridi, kwa hiyo joto halipotei." Kipimo hicho kinadanganya. Ukuta mnene unaweza kuwa baridi nje kwa saa nzima huku upande wa ndani unaendelea kumeza. Joto halijafika nje, lakini limeshaondoka kwenye moto.

Kipimo kizuri ni hiki. Funga mafungu mawili ya kuni kavu za aina moja, yenye uzito sawa. Asubuhi, jiko likiwa baridi, chemsha sufuria ya maji yaliyopimwa, na angalia ni kuni ngapi zimebaki kwenye fungu la kwanza. Hapo hapo, jiko likiwa bado moto, chemsha kiasi kile kile cha maji baridi kwa fungu la pili. Kama mara ya pili kuni zilizotumika ni chache sana kuliko mara ya kwanza, tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ndiyo chakula cha ukuta.

Dawa yake ni kuweka hewa ndani ya udongo. Katika jiko la roketi Lorena, lililoenezwa huku kusini magharibi mwa Uganda kuanzia miaka ya 2000, udongo wa kichuguu huchanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa au unga wa mbao. Unga wa mbao unapatikana kwa maseremala, hata Mbarara mjini. Karibu na moto vipande hivyo huungua na kuacha vishimo vidogo vyenye hewa, na ukuta unakuwa mwepesi. Ukuta mwepesi una kilo chache za kumeza joto, na vile vishimo vinapunguza mpitisho.

Kuna mipaka yake. Mchanganyiko wenye majani mengi mno unabomoka, hasa mdomoni pa jiko ambapo kuni husukumwa, kwa hiyo hapo tumia udongo mgumu zaidi. Tena, kwa jiko la shule linalowaka tangu alfajiri hadi jioni, ukuta mzito hauna hasara kubwa kama nyumbani, kwa sababu unapashwa mara moja kwa siku nzima. Hasara ni kwa yule anayewasha asubuhi, anazima, kisha anawasha tena jioni ukuta ukiwa umeshapoa.

Ndugu mwanafunzi, na wewe mama unayejenga jiko, ukisikia maelezo yoyote kuhusu joto, uliza maswali matatu. Joto linatoka wapi kwenda wapi? Linabebwa na nini njiani? Na nikikizuia hicho kibebaji, je, joto linakoma? Swali la tatu ndilo linaloamua, kama kartoni ilivyoamua kando ya moto.

Tunakuachia zoezi la nyumbani. Jirani anafunga sufuria ya maharage yaliyochemka ndani ya blanketi, na baada ya saa mbili bado ni ya moto. Anasema blanketi linatoa joto. Lifunge blanketi lile lile kwenye sufuria ya maji baridi, usubiri saa mbili, kisha umjibu.

Kwaherini, na moto wenu upikie sufuria, usipikie ukuta.

(Muziki wa kufungia.)