Cheo Kikishushwa, Mshahara Huendaje?

Kifungu cha 138 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kiliwalinda watumishi wa serikali kuu waliokutwa wakihudumu katika kaunti: mishahara yao isipunguzwe.

Chukueni mfano wa karani anayelipwa shilingi 48,000. Kazi yake inashushwa hadi daraja lenye kikomo cha 42,000. Akilindwa, anaendelea kupokea 48,000, ila nyongeza ya mwaka husimama mpaka kikomo kimfikie. Atakayeshika nafasi hiyo baadaye hulipwa kwa daraja jipya. Aliyeshushwa kwa utovu wa nidhamu kwa kawaida hapati kinga hiyo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi ashauriwe, kisha ajulishwe kwa maandishi. Mshahara ukipungua bila barua, aulize mara moja, hati za malipo mkononi.