"Nashona" au "Tunashona": Sauti ya Mfanyabiashara Mdogo Anapojieleza kwa Mteja

Wenzangu wafanyabiashara, mada niliyopewa inahusu jambo ambalo mteja hulisikia kabla hajalitambua. Kwenye ukurasa wa Facebook, kwenye WhatsApp ya biashara, kwenye kikaratasi cha bei kilichobandikwa mlangoni, anayezungumza ni "mimi" au ni "sisi"? Wengi wetu hapa Kakamega huchanganya. Mstari wa juu unasema "tunakukaribisha", wa chini unasema "nipigie". Nitaeleza namna ya kuchagua, kisha namna ya kulishika tulilochagua. Mfano wangu utakuwa mmoja, wa fundi wa sare za shule mwenye kibanda karibu na soko, cherehani mbili, na kijana anayemsaidia msimu wa shule kufunguliwa. Simtaji mtu fulani. Mafundi wa aina hiyo mnawajua, na baadhi yao wako humu ndani.

Nianze na sababu inayowavuta wengi kwenye "sisi". Mtu akiwa peke yake huona kwamba "sisi" itamfanya aonekane mkubwa, na kwamba mzazi au shule itamwamini zaidi. Nionavyo, kipimo hicho ni kibovu. Ukubwa wa biashara mteja ataujua siku atakapofika na kukuta kibanda kimoja. Swali linalofaa ni hili: ahadi iliyoandikwa itatimizwa na nani, na isipotimizwa mteja atamshika nani? Kama jibu la maswali yote mawili ni mtu mmoja, basi anayezungumza ni "mimi". Kama kuna mtu mwingine anayeweza kupokea kazi, kuimaliza na kupokea lawama bila mwenye biashara kuwepo, hapo "sisi" ni kweli.

Sheria yenyewe inaelekea huko. Fundi akisajili jina la biashara akiwa mmiliki pekee, jina lile halimgeuzi kuwa mtu mwingine mbele ya sheria. Deni la biashara ni deni lake, na akishtakiwa, anayeshtakiwa ni yeye. Ubia una watu zaidi ya mmoja wanaobeba mzigo pamoja, na kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 ni mtu anayejitegemea kisheria, hata ikiwa na mwenye hisa mmoja. Kwa hiyo mwenye kampuni ya mtu mmoja anaweza kusema "sisi" bila kumdanganya yeyote kuhusu anayewajibika. Mwenye jina la biashara tu anaweza kuisema pia, maana hakuna sheria inayomkataza, ila ajue kwamba neno hilo halimpunguzii wajibu hata kidogo.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Kikundi kikitumia "mimi", ugomvi haukawii. Fikirieni akina mama wanaofinyanga vyungu pale Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu. Mmoja wao ana simu nzuri, kwa hiyo yeye ndiye anayepiga picha na kuandika. Akiandika "vyungu vyangu" mara mbili tatu, wateja wataanza kumtumia pesa yeye, na wenzake watauliza, na wana haki ya kuuliza. Hapo "vyungu vyetu" inalinda mali ya watu.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Maelezo yake ni haya:

"Karibu. Sisi ni mafundi wa sare za shule hapa Kakamega. Nashona mashati, sketi na kaptura kwa vipimo. Ukija na kitambaa chako tunapunguza bei. Arubuni ni nusu. Sare itakuwa tayari kwa siku tatu. Nisipokuwepo muachie kijana wetu. Nipigie kwa namba hii."

Someni pole pole kama mzazi aliye Mumias ambaye hajawahi kufika kibandani. Ameambiwa kuna mafundi. Katika sentensi inayofuata fundi ni mmoja. Anayepunguza bei ni wengi. Anayetayarisha sare hatajwi kabisa, sare "itakuwa tayari" yenyewe. Kisha mzazi anatuma arubuni ya shilingi 600 kwa sare ya 1,200, na ujumbe wa M-Pesa unamletea jina la mwanamke ambalo halimo popote katika maelezo. Hapo ndipo anapopiga simu kuuliza, "Samahani, huyu niliyemtumia ni nani?" Anayeuliza hivyo bado ni mteja mwema. Wengine hawaulizi, wanaenda kwa fundi mwingine.

Ujumbe wa M-Pesa ni sehemu ya maandishi ya biashara hata kama hukuuandika wewe. Pesa zikienda kwenye namba ya simu ya kawaida, jina linaloonekana ni la mwenye laini. Zikienda kwenye namba ya till, linaonekana jina ambalo till ilisajiliwa nalo. Fundi anayesema "sisi" na kupokea pesa kwa jina lake binafsi anampa mteja sauti mbili kwa wakati ule ule ambao mteja ana wasiwasi zaidi, yaani pesa zikiwa zimeshatoka mkononi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua sauti, angalia jina hilo linasomekaje, kwa sababu maandishi yako unaweza kuyabadilisha leo, lakini usajili wa till una taratibu zake.

Fundi wetu anashona mwenyewe, anapokea pesa kwa jina lake, na kijana huja msimu tu. Nitamshauri achague "mimi". Tuandike upya:

"Karibu. Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Kakamega. Nashona mashati, sketi na kaptura kwa vipimo vya mtoto wako. Ukija na kitambaa chako napunguza bei. Arubuni ni nusu ya bei, na ujumbe wa M-Pesa utakuonyesha jina langu. Sare nitakukabidhi baada ya siku tatu. Nisipokuwa kibandani, msaidizi wangu atachukua vipimo. Nipigie kwa namba hii."

Tazameni sentensi ya siku tatu. Iliposema "itakuwa tayari" ilipita bila maswali. Inaposema "nitakukabidhi", fundi mwenyewe atashtuka, kwa sababu Januari, wiki ya shule kufunguliwa, mikono yake miwili haiwezi kushona maagizo yote kwa siku tatu. Atalazimika kuandika: "nitakukabidhi baada ya siku tatu, na mwezi wa Januari baada ya siku kumi." Hii ndiyo faida ambayo mimi naithamini kuliko zote. Mtendaji akiwekwa ndani ya kitenzi, ahadi isiyowezekana hujitokeza ingali kwenye karatasi, kabla haijamfikia mzazi.

Sisemi kauli ya kutendwa ifutwe kila mahali. "Kitambaa hukatwa baada ya arubuni" ni sentensi safi kwa kanuni ya kibanda, maana mteja anataka kujua utaratibu tu. Lakini panapotajwa siku, bei na kurudishiwa pesa, mtendaji awepo.

Kulishika ulilochagua ndiyo kazi ngumu, na Kiswahili kina ugumu wake katika hili. Nafsi haikai katika neno "mimi" au "sisi" peke yake. Mara nyingi maneno hayo hayamo kabisa. Nafsi imejificha mwanzoni mwa kitenzi, kama katika "nashona" na "tunashona", au katika ukanusho, "sirudishi" na "haturudishi". Imejificha pia katikati, "unipigie" na "utupigie", na mwishoni mwa kimilikishi, "kibanda changu" na "kibanda chetu". Mtu akibadilisha mwanzo wa vitenzi tu atabaki na "tunashona kwa bei nafuu, njoo dukani kwangu".

Kutafuta kwa simu hakutamsaidia sana. Akitafuta "ni" atapata "bei ni", "sokoni" na "karibuni". Akitafuta "tu" ataletewa "shilingi mia mbili tu" na "tuma". Njia ninayoipendekeza ni ya mkono: chapisha au nakili maandishi yote kwenye karatasi, chukua kalamu, na pigia mstari kila kitenzi na kila kimilikishi. Kisha kwa kila mstari jiulize ni nani, ukiandika herufi M au S pembeni. Ukurasa mzima wa fundi kama huyu hauchukui hata nusu saa. Herufi zikichanganyika, utaona kwa macho mahali sauti ilipogeuka.

Kosa linapenda kurudi mahali pale pale, napo ni katika maneno ya adabu. Mtu aliyechagua "sisi" ataandika vizuri kuhusu bidhaa, kisha mwishoni aseme "nashukuru kwa kuja" au "naomba radhi kwa kuchelewa", kwa sababu ndivyo ulimi ulivyozoea. Mahali pengine ni majibu yaliyohifadhiwa kwenye WhatsApp ya biashara: ujumbe wa salamu uliandikwa mwaka juzi, wa usiku ukaandikwa na mtoto wa dada, na jibu la "nimepokea pesa" likaandikwa siku ya haraka. Kila mmoja una sauti yake, na mteja anaweza kuzisikia zote ndani ya mazungumzo ya dakika kumi. Yaingize hayo yote kwenye karatasi ya kalamu.

Je, kuchanganya kunaruhusiwa popote? Ndiyo, mahali pamoja, na kwa mpaka unaoonekana. Biashara ya "sisi" inaweza kuwa na maneno ya mwenye biashara yanayosema "mimi", mradi yametengwa na yana jina lake chini. Kadhalika mfanyakazi anayejibu malalamiko kwa niaba ya "sisi" ataje jina lake: "Tumechelewesha sare yako. Tutakukabidhi Ijumaa. Mimi ninayeifuatilia ni fulani." Radhi ya "sisi" isiyo na jina la mtu humwacha mzazi bila wa kumpigia Ijumaa ikifika.

Mwisho ni lini fundi wa "mimi" ahamie "sisi". Siku aliyoajiri haitoshi, wala kununua cherehani ya tatu hakutoshi. Kipimo changu ni cha kwetu: fundi akienda matangani Shinyalu siku mbili na simu yake izimike, je, mzazi atakayefika kibandani ataweza kulipa, kuchukua sare yake, na kurekebishiwa sketi iliyobana? Kama yote matatu yatafanyika, "sisi" imeshakuwepo na maandishi yanaifuata tu. Akihama, ahame siku moja kila mahali: maelezo, majibu yaliyohifadhiwa, kikaratasi cha mlangoni, na namba ya kupokelea pesa iwe till yenye jina la biashara. Kile kikaratasi cha mlangoni ndicho kinachosahaulika zaidi, kwa sababu mwenyewe huwa hakisomi tena.