Zawadi Nyingi, Mtoto Mmoja

Msikilizaji, mtoto wa miaka 2 anapofunguliwa zawadi 15 mfululizo mbele ya wageni na muziki, hafurahii mara kumi na tano. Anang'ang'ania karatasi ya kufungia, anasugua macho, anageuza uso, kisha kilio. Tusiseme ana kiburi, amechoka.

Wageni wakifika, pokea zawadi mlangoni na uzipeleke chumbani, asizione zimerundikana. Andika jina la mtoaji juu ya kila moja, maana kesho utataka kushukuru. Baada ya keki, mletee moja tu, labda ya bibi, aichezee mpaka aiache mwenyewe. Shangazi akisisitiza yake ifunguliwe, mwambie, "Shangazi, kesho asubuhi akiwa ameshiba usingizi, nitakutumia picha."

Siku zinazofuata, fungua moja au mbili kwa siku. Ila zikague kwanza wewe: zenye betri bapa za duara zinazochomoka kirahisi, au vipande vidogo vya kumezeka, zisimfikie kabisa. Betri hiyo ikimezwa huunguza koo ndani ya saa 2. Ukishuku tu, mkimbize hospitali.