Mwezi wa Kwanza wa Ng'ombe Mgeni



Leo nasema na wale ambao karibuni wamenunua, au wanakusudia kununua, ng'ombe wao wa kwanza wa maziwa hapa Tunduma, Vwawa na kwingineko mkoani Songwe. Nitazungumzia adui mmoja tu, naye ni ndigana kali, kwa sababu ugonjwa huu hujitokeza hasa katika mwezi ule wa kwanza.

Wengi wetu hupenda kununua mitamba kutoka nyanda za baridi, kama vile Shamba la Mifugo la Kitulo huko Makete, lililo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ile haimfai kupe wa masikio, ambaye ndiye mwenye kueneza ndigana kali. Basi mtamba aliyekulia huko hana kinga. Ng'ombe wetu wa asili huumwa na kupe hao tangu wangali ndama. Wengine hufa, na wanaopona hubaki na kinga. Ndiyo maana jirani huona ng'ombe wake wazima kabisa, nawe wako akafa.

Huenda mfugaji akasema: "Ng'ombe wangu hatoki bandani, kupe atamtoa wapi?" Ndugu yangu, kupe huletwa na majani. Ukikata majani mahali wanapolisha ng'ombe wa kijiji, unambeba kupe katika mzigo ule ule. Kwa hiyo yakate mahali pasipopita mifugo, au panda matete yako mwenyewe.

Hata hivyo ipo nafasi ya kujiokoa. Kupe haambukizi mara tu anapouma. Vimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani yake kabla ya kuingia mwilini mwa ng'ombe. Basi kagua masikio kila siku, ndani na nje, na umnyunyizie dawa ya kupe tangu siku anapofika. Dawa ipimwe kama kibandiko kinavyoagiza, kwani iliyozimuliwa kupita kiasi haiui kupe. Mtaalamu wa mifugo ndiye atakayekueleza kama unyunyize mara moja au mara mbili kwa juma.

Ugonjwa hujitokeza kati ya siku 8 na 25 baada ya kuumwa na kupe mwenye vimelea. Dalili ya kwanza haionekani kwa macho. Hapana budi uwe na kipimajoto, ukitie katika njia ya haja kubwa kila asubuhi kwa dakika mbili, na kuandika joto katika daftari. Ng'ombe mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 na kidogo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Mpemba aliyenunua ng'ombe anayetoa lita 12 kwa siku. Siku ya tatu maziwa yanashuka hadi lita 9, lakini joto ni 38.6. Huo ni uchovu wa safari na mabadiliko ya chakula; amwekee maji tele, na pumba aiongeze kidogo kidogo. Siku ya 14 maziwa yanashuka tena, na safari hii joto ni 40.4. Ng'ombe bado anakula. Mwalimu anapapasa chini ya sikio, anakuta tezi iliyovimba kama yai la kuku. Nyingine iko mbele ya bega. Hapo asingoje kesho. Amwite mtaalamu siku hiyo hiyo.

Dawa yenye kutibu ndigana kali ni buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri ikichomwa mapema. Penisilini haiutibu ugonjwa huu. Ng'ombe akishaanza kuhema kwa shida na kutoka povu puani, maji yamejaa mapafuni, na hata dawa bora huweza kushindwa. Maziwa ya siku za matibabu yasinywewe wala kuuzwa mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa uishe.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama mtamba amechanjwa, na uone hati. Lakini chanjo hiyo haizuii ndigana baridi, maji moyo wala ugonjwa wa kukojoa damu, ambayo pia huletwa na kupe. Hivyo aliyechanjwa naye anyunyiziwe dawa, na joto lake lipimwe.

Siku 30 zikipita bila homa, endelea na dawa ya kupe kama ulivyoanza. Kinga ya ng'ombe huyo bado ni mkono wako.