Mkupuo na Miezi: Mhadhara kwa Waliovuka Hamsini



Mwaka jana, katika chumba cha kupumzikia walimu, mwenzangu mmoja wa idara ya jirani alinifunga mdomo: "Profesa, kustaafu ni mkupuo. Pensheni ya mwezi ni hela ya chumvi." Wote waliokuwapo walicheka, nami nilikosa jibu. Jibu ninalo leo.

Historia ya kikokotoo mnaijua: mifuko ya pensheni iliunganishwa mwaka 2018, zikafuata kelele za asilimia 25, ikaja 33 ya Julai 2022, kisha 40 kwa baadhi yetu katika bajeti ya 2024. Siirudii. Nataka tufanye hesabu ambayo wapiga kelele hawaifanyi.

Chukueni mwalimu anayestaafu akiwa na miaka 60, amechangiwa miezi 360. Wastani wa mshahara wake, katika miaka mitatu bora kati ya kumi ya mwisho, ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi, yaani 13,920,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 580 upate 24,000. Hiyo ndiyo thamani ya kila mwezi mmoja aliochangiwa. Zidisha kwa 360: pensheni kamili ya mwaka ni 8,640,000. Sehemu inayokatwa kuwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5. Kwa asilimia 33 anapata 35,640,000 mkononi na 482,400 kila mwezi. Kwa asilimia 40 anapata 43,200,000 na 432,000.

Basi ile nyongeza ya mkupuo iliyopiganiwa kwa jasho ni 7,560,000, na bei yake ni 50,400 kila mwezi hadi kaburini. Baada ya miezi 150, miaka kumi na miwili na nusu, bei imelingana na bidhaa. Akivuka hapo anaendelea kulipa. Mwenzangu hakupewa zawadi. Aliuziwa pensheni yake mwenyewe.

Nimtendee haki. Bei za sokoni hupanda, na pensheni huongezwa kwa nadra. Tena wapo wasiofika miaka 72. Na mwenye deni ana hoja nzito zaidi: kwa hesabu ile, mkupuo humgharimu asilimia nane ya fedha hiyo kwa mwaka. Kama mkopo wake unatozwa riba ya kumi na tano, kuulipa kwa mkupuo ni busara. Lakini hapo mkupuo haujengi nyumba, unazima moto. Moto wenyewe huwashwa kwenye miaka ya hamsini, benki inapokuja kununua mkopo wako wa zamani na kukuachia kidogo mkononi. Ulikuwa umebakiza miaka miwili, sasa unaanza sita. Mwenye miaka 53 na aukatae mkopo huo, amalize wa zamani, na makato yakikoma aendelee kujikata mwenyewe kiasi kilekile. Mikopo ya kausha damu siisemei. Jina lake linatosha.

Hata hivyo, tunabishana juu ya asilimia huku miezi ikipotea. Nilipofungua taarifa yangu ya michango nikiwa na miaka 54, nilikuta pengo la miezi 24, ya wakati nilipohama mwajiri. Makato yalikuwa kwenye hati zangu za mshahara. Kwenye mfuko hayakuwapo. Kwa mwalimu wetu, pengo kama hilo ni 576,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 33, mkupuo unapungua 2,376,000 na pensheni ya mwezi inapungua 32,160. Asilimia hubadilisha kimoja kwa kingine. Mwezi uliopotea huchukua vyote viwili. Niliokolewa na hati zangu kuukuu, nilizozitunza kwenye kopo la biskuti. Tena linganisheni majina: herufi moja iliyotofautiana kati ya barua ya ajira na kitambulisho inaweza kuchelewesha malipo. Ukiwa na miaka 52, unayo nafasi ya kurekebisha.

Limebaki swali la namna ya kuijaza siku ya mstaafu, na hapa chanzo changu ni daftari la marehemu mjomba wangu, karani wa reli Tabora. Kazini aliandika kila kitu: treni, mvua, mgeni. Wiki tatu za kwanza za kustaafu, kurasa ni tupu, isipokuwa neno moja lililorudiwa mara nne: "Nimelala." Wiki ya nne mtaa ukamkabidhi ufunguo wa bomba la maji. Maandishi yakarudi: saa kumi na mbili kufungua, ndoo ngapi, nani kagombana na nani, saa nne kufunga. Saa kumi jioni, hesabu na watoto wa jirani. Wenzangu wa saikolojia watanipa maelezo marefu. Mimi nashikilia kwamba kilichomrudisha ni watu waliosimama na ndoo wakimsubiri. Mradi wa kuku hausubiriwi hivyo, ingawa nao una faida yake. Tafuteni ufunguo wenu kabla ya barua ya kustaafu kuja.

Mjomba alilifungua bomba lile kwa miaka 14 na miezi miwili.