Anayeshtaki asiwe hakimu

Msikilizaji, chukua mfano wa mhasibu wa shule binafsi huko Kabanga, Kasulu, anayetuhumiwa kula karo. Barua ya wito kaipata jana jioni. Leo asubuhi kikao cha nidhamu kinaongozwa na meneja yuleyule aliyemtuhumu.

Hapo pana kasoro mbili. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa angalau saa 48 za kujiandaa, na zinataka mwenyekiti asiwe amehusika na tukio hilo. Akifukuzwa, ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kwa upande wa pili, mwajiri mdogo ana meneja mmoja tu. Hoja nzito, lakini haiondoi haki ya kusikilizwa. Je, mwajiri huyo amwite nani akiongoze kikao?